Foto ya kaye, na maneno tunayoweka chini yake

Bandugu na badada, kuna aina moja ya foto yenye sasa inapita kila juma kwenye telefone zetu: ukurasa wa kaye, umepigwa karibu, mwandiko unaonekana vizuri, na chini yake mwenyewe ameweka maneno mawili matatu. Mara ni kaye ya staje, mara ni kaye ya memwari, mara ni kaye ya siri yenye mtu anaandika usiku wakati wengine wamelala. Kwenye makomantere watu wanaongea juu ya foto tu: mwandiko ni mzuri, mwandiko ni wa daktari, kaye imezeeka. Mimi leo nataka kuongea juu ya maneno ya chini, kwa sababu naona ndiyo sehemu tunayoharibu zaidi.

Ukurasa wa kaye uliandikwa bila kufikiria msomaji. Ndiyo inaupa ladha. Siku unaamua kuuonyesha, unafungulia mgeni chumba cha ndani, chenye hakikupangwa kwa wageni. Yule mgeni hajui akae wapi, aangalie nini, asiguse nini. Maneno ya chini ndiyo yanampa kiti. Yakikosa kazi hiyo, mgeni ataishia mlangoni, ao atazunguka chumba chote na kufungua hata sanduku ya mtu mwingine. Hizo ni hasara mbili, na tumeziona zote mbili.

Hasara ya kwanza inajulikana kirahisi. Soma maneno ya chini, kisha funika foto na mkono. Jiulize: maneno haya yangeweza kukaa chini ya foto ingine yoyote? "Safari ni ndefu lakini tutafika." "Kila kitu na wakati wake." "Nyuma ya kila lisansie kuna machozi." Haya yanaweza kukaa chini ya foto ya toge, ya pikipiki iliyokwama matopeni, ya keki ya ndoa. Basi hayako ya ukurasa ule. Mtu ametuonyesha mwandiko wake wa ndani, kisha kwa woga amekimbia na kujificha nyuma ya methali. Namwelewa, kwani kujionyesha kunatisha. Lakini kama unaogopa, acha kaye ndani ya mfuko. Kuitoa na kuifunika palepale ni kupotezea watu mega zao.

Nichukue mfano mmoja na niukamate mpaka mwisho. Ni ukurasa wa kolega mmoja, agronome kama mimi. Ameniruhusu niuzungumzie, lakini sitamtaja jina, wala kijiji, na mtaona sababu yake.

Ukurasa ni wa kaye ya shamba, msimu A, maharagwe mafupi, ile isiyopanda miti. Juu kuna tarehe na maneno "siku ya 12", maana yake siku 12 baada ya kupanda. Chini yake amechora parsele moja ya metre 4 kwa 3. Kwa nafasi ya sentimetre 40 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, parsele hiyo inabeba mistari 10 ya mashimo 15, ni mashimo 150, mbegu mbili kila shimo, zote 300. Kisha hesabu ya kila mstari, mmoja chini ya mwingine, na jumla: 191. Hiyo 191 imekatwa na mstari mmoja, na pembeni ameandika 186. Yote ni kwa kreyo, na kwenye kona kuna alama ya maji yenye imekunja karatasi. Chini kabisa kuna mistari miwili midogo, yenye haihusu hesabu: mama mwenye shamba, kwa jina lake, amesema mbegu ni za mkopo wa aveki, na hajui atalipa namna gani kama nusu haikuota.

Dada yule alipiga foto ya ukurasa mzima, akaweka chini: "Shamba linafundisha subira."

Angalieni sasa kile maneno hayo yamefanya. Kwanza, yamepita juu ya kitu kizuri kuliko vyote kwenye ukurasa, ile namba iliyokatwa. Mtu asiyejua anaona 191 imekatwa na 186 imewekwa, anafikiri: huyu amekosea kuhesabu, ao mbaya zaidi, huyu anapanga matokeo ya memwari yake. Ukweli ni mwingine. Mbegu 191 zilitoka udongoni. Lakini 5 kati yake zilikuwa zimekatwa shingoni, karibu na udongo, na mmea umelala pembeni yake. Ukichimba kidogo na kidole hapo, unakuta kiwavi cha rangi ya udongo kimejikunja kama herufi C. Hicho kinakula usiku na kujificha mchana. Kwa hiyo 191 ni zilizoota, 186 ni zilizosimama. Ni majibu mawili kwa maulizo mawili: moja inahusu mbegu, ingine inahusu shamba. Na zile 109 ambazo hazikutoka kabisa, alichimba mashimo kumi ili aone. Alikuta mbegu zimeoza, na zingine ziko na tundu la duara la yule mdudu anayetoboa maharagwe kwenye stoki. Hiyo pia ilikuwa kwenye ukurasa, kwa maneno manne tu: "zimeoza, ziko na tundu."

Yaani ukurasa ule ulikuwa na hadithi nzima ya mbegu ya zamani iliyouzwa kama mbegu nzuri. Na maneno ya chini yakatuambia "subira". Subira gani? Mbegu iliyooza hata uisubiri miaka kumi haitaota. Kwenye makomantere tulijaza "Kuraje dada", "Mungu atafanya". Hakuna hata mmoja aliyeuliza zile 5 zilikwenda wapi, na kati yetu kulikuwa maagronome wengi.

Pili, na hapa ndipo iko hasara kubwa, maneno hayo hayakulinda mtu. Msomaji asiyepewa kitu cha kuangalia anaangalia popote. Mtu mmoja akavuta foto kwa vidole viwili, akasoma ile mistari ya chini, akatambua jina. Hiyo foto ikaingia katika grupe ya kijiji. Kwenye mkutano wa aveki uliofuata, mama yule akaulizwa mbele ya wenzake: "Tunasikia kama hautalipa?" Yeye hakuwa ameposti kitu. Hana hata telefone ya foto. Alisema neno moja kwa mtu aliyemwamini, akiwa amesimama ndani ya shamba lake, na neno likazunguka mpaka likamrudia kama aibu. Kolega alifuta foto siku ile ile, lakini tunajua: ukifuta yako, za wengine zinabaki.

Watu wengine walisema kosa ni la foto, hapana la maneno. Mimi nasema ni kosa moja. Kama angejilazimisha kuandika maneno ya kweli chini ya ule ukurasa, maneno yanayosema hapa kuna nini na ni ya nani, angefika kwenye ile mistari miwili na angesimama. Angeona kama hiyo siri haiko yake. Methali ilimruhusu kuposti bila kusoma tena alichoandika mwenyewe. Ndiyo maana nasema maneno ya chini si pambo. Ndiyo nafasi ya mwisho ya kusoma ukurasa wako kwa macho ya mtu mwingine kabla haujatoka nyumbani.

Miezi michache nyuma yake, dada alienda kwanza kuona yule mama, kisha akapiga ukurasa tena. Maneno yalikuwa haya: "Siku ya 12 baada ya kupanda. Kreyo, juu mvua ilikuwa inanyesha na biki inagoma kwenye karatasi ya maji. 191 zilitoka, 186 zilisimama, 5 zilikatwa na kiwavi. Mistari miwili ya chini nimeikunja: ni maneno ya mtu mwingine."

Naona hayo ni maneno mazuri, na nitaeleza kwa nini, moja kwa moja.

"Siku ya 12" ni wakati wa kazi, wenye una maana kuliko tarehe peke yake. Mkulima yeyote wa maharagwe anajua siku ya 12 inapaswa kuonekana namna gani, na atapima mwenyewe. "Kreyo, juu mvua ilikuwa inanyesha" inafanya alama ya maji kwenye kona iache kuwa uchafu na iwe hewa ya siku ile. Sentensi ya namba inachukua kitu kinachoonekana wazi lakini hakieleweki, na inakieleza bila kukirudilia. Na sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi. Inasema kuna kitu hapa, nimekificha, na sababu yake ni heshima. Msomaji mwenye adabu hatauliza tena. Mlango umefunguliwa, na chumba cha pili kimefungwa wazi wazi, mbele ya macho ya kila mtu.

Mnaona pia kile hakimo. Hakuna "nilichoka sana". Hakuna "watu hawajui tunapitia nini". Mwandiko wenyewe unachoka: mistari ya 8, 9 na 10 namba zinalegea na kuinama. Foto inaonyesha hiyo, basi maneno yanaiacha. Kitu chenye jicho linaweza kuona, usikiseme. Sema kile jicho haliwezi kuona, kisha nyamaza.

Juu ya kukunja, neno moja la ufundi, kwani wengi wanaficha vibaya. Kukunja karatasi yenyewe kabla ya kupiga foto ni salama kuliko kupaka rangi ndani ya telefone. Ile rangi ya burashi mara nyingi iko nyepesi kidogo. Mtu akiongeza mwangaza wa foto, maandishi yanarudi. Tena karatasi ya kaye zetu ni nyembamba. Mwandiko wa upande wa nyuma unapita, hasa ukipiga foto na jua nyuma ya karatasi. Weka karatasi nyeusi ao kifuniko cha giza nyuma ya ukurasa, ule mwandiko wa nyuma utapotea. Na angalia ukurasa wa jirani, wa kushoto, wenye unaingia kwenye foto bila kualikwa. Siri nyingi zinatokea hapo.

Sasa kuna desturi ingine ninayotaka kuigusa, ya kuandika upya. Mtu anachukua ukurasa wake wa zamani, anaunakili kwa biki nzuri, mwandiko umenyooka, anatoa maneno yasiyompendeza, anapiga foto na kuandika chini: "Kutoka kaye yangu." Ni kaye gani hiyo? Hiyo ni barua kwa ajili yetu, imevaa nguo ya kaye.

Kwa jambo hili tuko na mfano mkubwa hapa kwetu, ndani ya Maniema. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa amekwama Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Karatasi ilimwishia, wino pia. Akaandika kaye yake juu ya magazeti ya zamani aliyokuwa nayo. Sehemu moja ni gazeti la The Standard la tarehe 24 Novemba 1869. Aligeuza gazeti, akaandika kwa kukata mistari iliyochapishwa, na wino aliutengeneza kwa mmea wa pale. Tarehe 15 Julai 1871 akaona watu wakiuawa kwa bunduki katika soko la Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu, wengine wakizama mtoni, na akaandika juu yake kwenye karatasi hizo.

Baadaye alinakili vizuri katika kitabu chake kikubwa cha safari, na kutoka hicho Horace Waller akatengeneza kitabu kilichochapwa mwaka 1874, wakati Livingstone amekwisha kufa. Dunia ilisoma hiyo. Magazeti yenyewe yakabaki, ule wino wa mmea ukafifia mpaka haukusomeka tena. Ndipo kundi la watafiti, likiongozwa na Adrian Wisnicki, likapiga foto za kurasa hizo kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata ule ambao jicho letu halioni. Wino wa gazeti na wino wa mmea haujibu mwanga namna moja, kwa hiyo waliweza kutenganisha mwandiko na maandishi ya gazeti. Mwaka 2011 wakatoa matokeo. Ilionekana kama wakati wa kunakili Livingstone alipunguza mambo fulani, hasa mabaya aliyokuwa ameandika juu ya watu wa msafara wake mwenyewe.

Simhukumu kwa kunakili. Kila mtu anayeandika ana haki ya kusafisha kabla ya kuonyesha. Hata kuficha ni haki yake. Kaye ni yake. Lakini linganisheni sasa na dada yetu wa maharagwe. Yeye amekunja mistari miwili na akasema: nimekunja. Msomaji wa 1874 hakuambiwa kama kuna kitu kimekunjwa. Aliamini anasoma kile kilichoandikwa Nyangwe siku zile. Tofauti kati ya siri na uongo iko hapo, ndani ya sentensi moja fupi ya chini. Kama umenakili, andika "nimenakili". Kama umetoa kitu, andika "nimetoa". Haitakuondolea kitu, na ukurasa utabaki na uzito wake.

Na tena, tazameni ile foto ya ukurasa wa Nyangwe kama maneno ya chini hayasemi gazeti, hayasemi wino wa mmea. Mtu ataona tu karatasi chafu yenye mistari inayokatana. Akiambiwa mambo hayo mawili, anaona mtu asiye na karatasi, anayelazimika kuandika. Hayo ndiyo maneno ya chini yanaweza kufanya: hayaongezi hisia, yanaongeza macho.

Kuna mtu atanijibu: basi unataka kila mtu aandike raporo chini ya foto yake? Hapana. Urefu hauhusiki. Maneno mazuri kuliko yote niliyosoma mwaka huu yalikuwa mafupi sana. Ndugu mmoja aliweka foto ya karatasi iliyochanwa kwenye kaye ya masomo, orodha ya soko: mafuta, sombe, ndakala, chumvi, sabuni, chumvi. Chini yake aliandika: "Mwandiko wa mama. Chumvi aliandika mara mbili."

Hakusema mama amekufa. Neno "mwandiko wa" na ile karatasi iliyokunjwa mara nyingi zilitosha. Hakusema anamkumbuka. Alituonyesha tu kitu kimoja kilichokuwa mbele yetu, na ambacho tungekipita. Ukirudi kwenye foto unakuta chumvi ya kwanza, unashuka, unakuta ya pili, na hapo unamwona mama amesimama mlangoni na kreyo, anafikiria nini kimekosekana nyumbani, na anasahau kama amekwisha kuandika. Pima maneno hayo na kile kipimo cha mwanzo: funika foto na mkono. Hayawezi kukaa chini ya foto ingine hata moja duniani.

Angeweza kuharibu. Angeweza kuandika "Mama, pengo lako halitazibika", na sisi tungeandika "Pole" mia moja, na hakuna mtu angesoma orodha. Alichagua kutuamini. Ni ya ndani kabisa, na hata hivyo haina kitu cha kumwaibisha mama, wala jirani, wala yeye.

Basi, bandugu, mtu akitaka kuposti ukurasa wake kesho, mimi namwomba mambo machache tu. Asome ukurasa wote, mpaka mistari midogo ya chini, akijiuliza kila neno ni la nani. La mtu mwingine, alikunje na aseme amelikunja, ao aende amuulize kwanza. Kisha achague kitu kimoja kinachoonekana lakini hakieleweki, akieleze kwa lugha ya kila siku. Methali aiachie wazee, wenyewe wanajua wakati wake.

Na sisi wasomaji pia tuko na kazi. Mtu akituonyesha namba iliyokatwa, tumuulize kwa nini ameikata. "Kuraje" ni neno zuri, lakini haijawahi kuotesha maharagwe.

Ninyi munaonaje? Wenye wako na kaye za staje nyumbani, mungeandika nini chini?